Kabla hujaingia darasani na igizo la ugomvi wa ndoo

Jamani walimu wenzangu wa kusini, kama unaandaa kipindi cha kudhibiti hasira kwa igizo dhima, usianze na andalio la somo, anza na kuchagua ugomvi. Hapo ndo wengi tunakosea. Mwaka wa kwanza mi nilichukua ugomvi uliotokea kweli wiki ile ile, nikawaita walewale wawili waigize, nikadhani nimefanya la maana. Dakika moja tu tukawa tunaamulia ngumi mbele ya ubao. Kwa hiyo chukua ugomvi ambao kila mtoto anaujua ila hauna mwenyewe darasani. Huku Newala mi natumia foleni ya maji, maana hakuna asiyejua ndoo ikisogezwa kwenye foleni inakuwaje.

Sa ukishapata ugomvi andaa kadi mbili, moja kwa kila mwigizaji, kata tu vipande vya manila, kila kimoja kina mambo ambayo mwigizaji mwenzake hayajui. Ya kwanza: umefika alfajiri, ukaacha ndoo kwenye foleni ukakimbia kumwandaa mdogo wako aende shule, umerudi umekuta ndoo yako iko nyuma kabisa. Ya pili: bibi yako anaumwa na maji nyumbani hakuna, uliona ndoo imekaa muda mrefu haina mtu, ukaona imetelekezwa ukaisogeza. Hizi sababu za siri ndo zinabeba kipindi. Bila hizo utaona wanamaliza kwa sekunde ishirini, "nisamehe", "nimekusamehe", darasa linapiga makofi na hakuna aliyejifunza kitu. Ukiona suluhu imekuja kabla hasira haijapanda ujue kadi zako hazina uzito, rudi uziandike upya.

Kabla ya igizo tenga dakika tano uwaulize hasira wanaisikia wapi mwilini. Watakwambia wenyewe, masikio yanapata moto, moyo unaenda mbio, meno yanabana, vidole vinajikunja. Yaandike ubaoni, maana waigizaji wataonyesha hizo dalili na watazamaji watazitafuta. Mpe kila kundi la watazamaji kazi moja tu, hawa waangalie mikono, hawa wasikilize sauti, wasipokuwa na kazi watacheka na kushangilia kama wako mpirani.

Igizo lenyewe lisizidi dakika tatu na sheria ziwe mbili, hakuna kugusana na mwalimu akisema "ganda" wote wanaganda. Utasema ganda pale unapoona vidole vimejikunja, sio baada ya tusi kutoka. Hapo muulize mwenye ndoo, ulitaka kusema nini? Mara nyingi ni "we mwizi wa foleni". Sawa, mwambie avute pumzi taratibu kwa kuhesabu hadi nne, atoe kwa kuhesabu hadi sita, mara tatu, halafu aseme upya akianza na yeye mwenyewe: "Nimekasirika kwa sababu nilifika alfajiri na ndoo yangu imerudishwa nyuma, naomba irudi ilipokuwa." Kisha aulize, "We uliisogeza kwa nini?" Swali hilo wengi wanaliruka, na ndo linalotoa habari ya bibi. Mkitoka hapo wabadilishane kadi wacheze tena, aliyekuwa anafoka akijikuta yeye ndo mwenye bibi mgonjwa utaona hata sauti inashuka.

Kipindi cha dakika 40 kinatosha maigizo mawili, sio matano, usijidanganye, mazungumzo baada ya igizo yanakula muda kuliko igizo.

Kuna vitu viwili vya kupanga ambavyo havionekani kwenye andalio. Utani huku kwetu ni mila, Mmakonde na Myao wataitana majina wakicheka, kwa hiyo kubalianeni mapema maneno gani hayaingii kwenye igizo, hasa ya kabila, ya umaskini wa mtu na ya mama wa mtu. Na kama shida ya darasa lako ni mkubwa mmoja anayemwonea mdogo kila siku, igizo hili halifai, maana linawaweka sawa watu ambao hawako sawa, mdogo atafundishwa kuongea vizuri na anayempiga. Hiyo ipeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha.

Ongea na huyo mwalimu kabla ya kipindi pia, kwa sababu kuna mtoto atanyamaza ghafla akiona mtu anafoka, hata kama ni igizo. Usimlazimishe kucheza, mpe kazi ya kushika saa, ukimaliza ongea naye pembeni. Akikuambia nyumbani anapigwa, namba ya simu kwa mtoto ni 116, iwe kwenye daftari lako kabla hujaingia.

Mwisho waigizaji warudishe kadi mezani, kila mmoja ataje jina lake kwa sauti na akae kwenye dawati lake la siku zote, la sivyo wiki nzima mtoto wa watu ataitwa "mwizi wa foleni".