Shingo inauma mpaka vidoleni: jinsi ya kujua ni mzizi wa neva au ni msuli tu

Mimi ni mfiziotherapia na kesi hii naipata karibu kila wiki, mtu anakuja ameshika shingo, anasema msuli umekaza, amechuliwa mara tatu nne na bado, halafu ukimuuliza vizuri anakwambia kuna vidole vinamchomachoma kama sindano. Hapo kwenye vidole ndo penye jibu. Ntaelezea ninavyofanya mimi kwa kutumia mgonjwa mmoja, dereva wa lori wa miaka 44, shingo na mkono wa kulia vinamuuma wiki ya tatu sasa, alianza kuona asubuhi moja tu alipoamka, hakuanguka wala hakubeba kitu.

Hatua ya 1: kabla hujagusa shingo, uliza ya hatari

Alipata ajali? Ana homa, anapungua uzito bila sababu, amewahi kuwa na saratani? Mikono yote miwili imekufa ganzi, anashindwa kufunga vifungo vya shati, miguu inayumba akitembea, mkojo haushikiki? Hizo za mwisho zinamaanisha uti wa mgongo wenyewe huenda unabanwa, siyo mzizi mmoja wa neva, yaani pale neva ya mkono inapotokea kwenye uti shingoni, na huyo mtu haendi kwenye mazoezi wala masaji, anaenda hospitali leo leo. Na kama ni maumivu ya mkono pamoja na kifua kubana, jasho na kukosa pumzi, sahau shingo kabisa, wahi dharura, inaweza kuwa moyo.

Dereva wangu hakuwa na hata moja, tukaendelea.

Hatua ya 2: mwambie akuonyeshe, asikuelezee

Angalia mkono wake. Mwenye msuli uliokaza mara nyingi anashika kwa kiganja kizima pale kati ya shingo na bega, anapaminyaminya, maumivu yake ni mazito na hayana mipaka, yanaweza kupanda kichwani au kushuka begani lakini kwa kawaida hayavuki kiwiko. Mwenye neva anachora mstari kwa kidole, toka kwenye kombe la bega, nyuma ya mkono, mpaka kidole fulani. Dereva alichora hivo hivo, mstari ukaishia kidole cha kati.

Sasa uliza ni kidole KIPI, usikubali jibu la "vyote" haraka, mpe muda avisugue kimoja kimoja na alinganishe na mkono wa pili. Gumba na cha shahada huwa ni mzizi wa C6, yaani wa sita kati ya mizizi ya neva za shingo, cha kati C7, cha pete na cha mwisho C8. Siyo sheria ya chuma, ramani zinaingiliana kati ya mtu na mtu, ila inakupa pa kuanzia. Msuli peke yake hauchagui kidole kimoja ukakitia ganzi.

Hatua ya 3: inamisha shingo uone inalalamika upande gani

Hii naipenda sana. Mgonjwa amekaa, mwambie alaze kichwa upande USIOUMA. Msuli ukiwa ndo tatizo hapo unavutwa, na atasema inavuta, inauma palepale shingoni. Halafu alaze upande UNAOUMA na kurudisha kichwa nyuma kidogo, hapo tundu ambalo mzizi wa neva unapitia kati ya pingili linazidi kuwa jembamba, na kama mzizi umeshawashwa utasikia anasema "imeshuka mkononi". Ikiwa haijashuka, weka viganja juu ya kichwa ukandamize taratibu sana. Ikishuka tu acha, usirudie ili kuhakikisha, umeshapata jibu.

Watu wengi wanakosea hapa, mgonjwa anasema "aah inauma" wanaandika neva. Inauma wapi? Kama ni shingoni tu kipimo hakijathibitisha kitu, hata viungo vidogo vya nyuma ya pingili vikibanwa vinauma hivo. Lazima ishuke kwenye mkono. Na isiposhuka bado hujaiondoa neva, kwa sababu kipimo hiki kikikubali unaweza kukiamini lakini kikikataa kinakosa wengi.

Kwa hiyo naongeza cha pili. Mgonjwa analala chali, nashikilia bega lisipande, napeleka mkono pembeni mpaka usawa wa bega, kiganja kinaangalia juu, navuta vidole na kifundo kwenda nyuma halafu nanyoosha kiwiko polepole. Hii inavuta neva za mkono. Hata mtu mzima wa afya atasikia mvuto, ndo maana unalinganisha na mkono usiouma na unauliza "ni ile ile yako?" Kama ni ile ile, na inapungua akilaza kichwa kuelekea mkono huo, neva imehusika. Kama mkono umenyooka wote na hakuna kitu, naanza kuamini siyo mzizi wa neva.

Hatua ya 4: pima nguvu, hii usiiruke

Ganzi ni anachosikia yeye, nguvu unaiona wewe. Kwa C7 mwambie akunje kiwiko kisha asukume kunyoosha huku unamzuia. Kushoto dereva alinishinda. Kulia mkono ukarudi nyuma taratibu japo anasukuma kweli na hasemi unauma. Angalia hiyo tofauti, mwenye maumivu anashikilia kidogo halafu anaachia ghafla, mwenye neva dhaifu anazama polepole. Nikagonga kinyundo nyuma ya kiwiko, kushoto mkono uliruka, kulia kimya.

Utauliza, kidole cha kati si kinaweza kufa ganzi pia kwa neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono? Ndio, na huyo huamka usiku akikung'uta mkono. Lakini neva ya kifundo haiendi kwenye msuli wa nyuma ya mkono wa juu, kwa hiyo udhaifu wa kunyoosha kiwiko haiwezi kuuleta. Dereva pia alisema akilala anaweka mkono juu ya kichwa ndo apate usingizi, hiyo ni tabia ya mzizi kabisa, inaulegeza.

Hatua ya 5: ukishajua, badilisha unachofanya

Ingekuwa msuli, ningemwambia aendelee kutembeza shingo, joto, na wengi wanapata nafuu ndani ya siku chache mpaka wiki mbili tatu. Kwa mzizi nilimsimamisha kuchuliwa kwa nguvu na kuvunjwavunjwa shingo, nikamwambia asikae anaangalia juu wala kulala kifudifudi, kiti cha gari kisogee mbele asinyooshe mikono kufikia usukani, mazoezi mepesi ya kurudisha kidevu ndani yasiyoshusha maumivu mkononi. Na nikampeleka kwa daktari siku ileile kwa sababu ya ule udhaifu. Bila udhaifu picha ya MRI huwa haina haraka, wengi hupata nafuu wiki 6 mpaka 12, na eksirei ikionyesha pingili zimechakaa usishtuke, hata wasioumwa wanazo.

Kila wiki nilipima nguvu ile ile. Wiki ya tano maumivu yalirudi juu, kwanza yakaacha kidole, halafu mkono, yakabaki kwenye kombe la bega, na hiyo ndo njia nzuri hata kama shingo yenyewe bado inauma. Ganzi ilichelewa kuisha kuliko maumivu. Kikitokea kinyume chake, maumivu yanapungua lakini mkono unazidi kulegea, usifurahi, mrudishe kwa daktari haraka.