Somo: Baba kaacha nyumba moja, mjane na watoto watano, nani anapata ngapi?

Haya leo tupige hesabu ya nyumba, maana naona wengi aya za mirathi wanazijua vizuri tu ila wakishakaa kikao cha familia wanaanza kugawana vyumba. Mfano wetu ni huu: baba kafariki, kaacha mke mmoja, watoto wa kiume watatu na wa kike wawili, wote wa mama huyo huyo. Wazazi wa marehemu walishatangulia (hii ishikeni, itarudi kwenye maswali). Mali ya maana ni nyumba tu.

Hatua ya 1: hakikisheni nyumba ilikuwa ya nani

Hapa ndo wajane wengi wanaumia. Kama mama alichangia nusu kwa hela yake akiwa mmiliki mwenza, ile nusu sio mirathi kabisa, ni mali yake, inatolewa pembeni kabla hamjashika kalamu, alafu kwenye nusu ya marehemu ndo anapata tena fungu lake kama mrithi. Ukipiga hesabu anafika 9/16 ya nyumba nzima, yaani zaidi ya nusu! Nimeshakaa kikao mama anaambiwa "wewe chako ni moja ya nane" na kila mtu pale anajua yeye ndiye aliyekuwa analipa mafundi. Sasa ulizeni ile hela aliitoa kwa njia gani. Kama alimzawadia mumewe basi ni ya mume, imeingia kwenye mirathi. Kama alimkopesha ni deni, analipwa. Kwenye mfano wetu tuchukulie nyumba yote ilikuwa ya baba.

Hatua ya 2: toeni vinavyotangulia

Gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia kama upo. Wasia hauzidi thuluthi ya kinachobaki baada ya madeni, na mrithi hausiwi labda warithi wengine waridhie. Kwenye madeni kuna moja linasahaulika sana: mahari ambayo mume hakumaliza kulipa. Hilo ni deni la mama, analipwa kwanza alafu fungu lake la mirathi liko palepale.

Tuseme nyumba imethaminiwa 720 (weka sifuri unazotaka), maziko na madeni 80, wasia hakuna. Cha kugawa ni 640.

Hatua ya 3: fungu la mjane

Suratun Nisaa aya ya 12: mke anapata robo kama mume hakuacha mtoto, akiacha mtoto anapata thumni, yaani 1/8. Anayeangaliwa ni mtoto wa marehemu, hata kama kazaliwa na mke mwingine. Hapa watoto wapo, kwa hiyo 1/8.

Hatua ya 4: watoto

Imebaki 7/8. Watoto wa kiume na wa kike wakiwa pamoja wanachukua kilichobaki chote, wa kiume sehemu mbili wa kike moja (aya ya 11). Sasa angalieni kosa: watu wanasikia "mbili kwa moja" wanagawa thuluthi mbili kwa kundi la wavulana na thuluthi moja kwa kundi la wasichana. Sio hivyo jamani, ni mtu kwa mtu sio kundi kwa kundi. Hesabu vichwa, kila wa kiume vichwa viwili, kila wa kike kimoja: 3 × 2 = 6, jumlisha 2, unapata 8.

Nyumba tumeikata mafungu 8, mama kachukua 1, yamebaki 7, na 7 haigawanyiki kwa vichwa 8 bila kukatika. Dawa yake ni kuzidisha mafungu kwa vichwa, 8 × 8 = 64. Mama anapata 8, zinabaki 56, ukigawa kwa vichwa 8 kila kichwa ni 7. Kwa hiyo kila wa kiume 14, kila wa kike 7. Hakikisha: 8 + 42 + 14 = 64. Isipotimia kuna mahali umekosea, rudi nyuma.

Kwenye ile 640 hisa moja ni 10. Mama 80, kila wa kiume 140, kila wa kike 70.

Hatua ya 5: kutoka hisa kwenda nyumba

Hisa sio chumba. Kila mrithi ana hisa kwenye kila tofali mpaka mgawane, na chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani thamani yake sio ya chumba cha uani. Mnaweza kuuza mkagawana hela, au kupangisha na kodi mkaigawa kwa hisa zilezile 64, au mmoja akawanunua wenzake. Mfano kaka mkubwa anaitaka nyumba: analipa deni 80, mama 80, wadogo zake wawili wa kiume 280, dada wawili 140, jumla 580. Ukiongeza 140 yake inatimia 720 na nyumba ni yake peke yake. Ila thamani iwe ya leo, na mthamini asiwe mtu wa huyohuyo kaka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Ustadhi, na kama bibi, mama yake marehemu, yuko hai?

Jibu: Hapo hesabu yote inabadilika ndugu yangu. Bibi ana 1/6 kwa sababu marehemu kaacha watoto. Nyumba inakatwa hisa 192: mjane 24, bibi 32, kila wa kiume 34, kila wa kike 17. Kama mlishagawa mkamsahau, rudisheni mezani.

Swali: Shekhe sisi tulichelewa kugawa, miaka ikapita, dada yetu mmoja akafariki, hakuwa na mume wala mtoto. Fungu lake si linarudi kwenye nyumba tugawane upya?

Jibu: Poleni sana. Hapana, halirudi. Yeye alikuwa hai baba alipofariki kwa hiyo zile hisa 7 zilishakuwa zake, zinarithiwa kama mali yake. Kama familia yenu ni kama ya kwenye mfano, mama anapata 1/6 yake, inayobaki ni ya ndugu zake, kaka mara mbili ya dada. Ili isikatike nyumba inakuwa hisa 384 na za marehemu dada ni 42: mama 7, kila kaka 10, dada aliyebaki 5. Ukijumlisha na za kwa baba, mama ana 55, kila kaka 94, dada 47. Na kama alikuwa na deni linaanza kulipwa hilo.

Swali: Wake wakiwa wawili kila mmoja anapata thumni?

Jibu: Hapana dada, thumni ni hiyo moja wanagawana sawa, 1/16 kila mmoja. Hata wakiwa wanne ni hiyohiyo moja wanagawana.

Swali: Kaka yetu alikufa kabla ya baba, kaacha watoto. Wanachukua nafasi ya baba yao?

Jibu: Kwa hesabu ya mirathi hawarithi, maana watoto wa kiume wa marehemu wapo na wanawazuia wajukuu. Njia ilikuwa babu awausie ndani ya thuluthi. Misri waliona tatizo hili wakaweka wasia wa lazima kwenye sheria yao ya 1946, kwa hiyo ulizeni sheria ya mlipo inasemaje. Na nyinyi warithi mkiamua kuwapa kwenye hisa zenu hakuna wa kuwazuia, ila kila mtu anatoa chake, cha mama au cha mdogo wenu ambaye hajabaleghe hakiguswi.