Faundesheni imekubali saluni, ikakataa ziwani: pima rangi hivi

Bibi harusi anapambwa Kirumba, Mwanza, chini ya taa ndefu za tyubu, uso na shingo vinaonekana kitu kimoja. Akifika Capri Point, kando ya ziwa, kupiga picha, uso una uchungwa. Lawama huangukia kopo, lakini mara nyingi kosa ni la taa.

Ngozi yenye melanini nyingi humeza sana mwanga wa buluu na kurudisha zaidi mwekundu, na wekundu huo ndio unaoupa uso uhai. Balbu ya njano inao tele. Tyubu nyingi zina kijani cha kutosha ila wekundu uliokolea ni haba, hivyo ngozi inapauka na kuwa kama ina majivu. Mpambaji anafidia kwa faundesheni yenye wekundu, na jua linamuumbua.

Jicho nalo halikuonyi. Ndani ya dakika moja au mbili linapunguza wepesi wake kwa rangi iliyozidi, ndiyo maana karatasi nyeupe inabaki nyeupe chini ya karibu kila taa. Ila jicho haliwezi kurudisha wekundu ambao taa haikutoa.

Anza na boksi la taa. Maandishi ya 2700K au 6500K yanakwambia tu kama mwanga ni wa njano au mweupe. Namba ya kutafuta ni CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa uhalisia: 80 ni ya kawaida, kwa kupamba tafuta 90 au zaidi. Tyubu ya 6500K inaweza kuitwa ya mwanga wa mchana na bado ikakudanganya.

Kisha safisha taya, chora mistari mitatu ya upana wa sentimita 2 kushuka shingoni: unaodhani ndio, mwingine wenye wekundu zaidi, na wa tatu wenye unjano zaidi. Subiri dakika 10, kwa kuwa faundesheni nyingi hukolea zikikauka.

Mtoe mteja mlangoni, kivulini, mbali na turubai la buluu au ukuta uliopakwa rangi, maana nao humrushia rangi yake. Usiamue papo hapo. Macho yako bado yamezoea tyubu. Shika karatasi nyeupe kando ya shingo. Ikionekana na uwaridi kidogo, vuta subira mpaka itulie.

Tuseme ndani mstari mwekundu ndio uliopotea kwenye ngozi. Hapa nje unasimama peke yake kama chungwa, na ule wa njano haushikiki kwa macho. Chukua wa njano. Ukirudi ndani utaonekana umepooza, usiuguse.

Balbu za njano za ukumbini zisikupe uamuzi. Zina buluu kidogo, kwa hiyo tofauti za unjano hazionekani vizuri, na karibu kila kopo litaonekana limekubali. Picha ya simu pia haiamui, kwa sababu simu hubahatisha weupe wake kila unapoielekeza upya.