Unga wa amla wa kukausha mwenyewe hapa Malindi, na wewe mwenye asidi ufanye nini

Nakausha amla, moringa na mkwaju hapa Malindi, na swali naloulizwa kila wiki ni hili, "mbichi na unga ni sawa tu ama?" Sio sawa, na kwa mtu mwenye tumbo la asidi tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavodhani. Nitawapeleka hatua kwa hatua na kilo moja niliyopima mwenyewe kwa mizani ya jikoni, alafu tufike kwa tumbo.

Kwanza tuelewane ni tunda gani. Amla ni lile la mviringo la kijani kuelekea manjano, lina mistari sita hivi ya kugawa vipande na kokwa ngumu katikati, Wahindi wamelitumia miaka na miaka kwa achari na dawa. Sio birimbi. Ukiuma amla unapata ugwadu na ukakasi pamoja, ulimi unakauka kabisa, alafu ukinywa maji juu yake yanakuwa matamu. Ule ugwadu ni asidi, ule ukakasi ni tanini. Yakumbuke haya mawili manake ndio yatatusumbua mbele.

Hatua ya kwanza, kuchagua na kukata. Chukua yaliyo magumu, yasiyo na doa la kahawia. Osha na ufute mpaka yakauke, usiyaloweke usiku kucha, vitamini C inayeyuka kwenye maji na utaimwaga pamoja na hayo maji. Kisu kiwe cha stenlesi. Na tafadhali usikune amla kwa mbuzi ya nazi, nawaona watu wengi wanafanya hivo kwa sababu ndio iko jikoni. Ile chuma ikikutana na tanini inageuka nyeusi kama wino, na chuma pia inaharakisha vitamini C kuharibika. Tumia kikuneo cha stenlesi, ama kata vipande vyembamba kama unene wa shilingi mbili ukizipanga pamoja.

Kilo yangu ilikuwa matunda 27. Baada ya kutoa kokwa na vilivyoharibika ikabaki nyama gramu 840, yani kila tunda gramu 31 hivi.

Hatua ya pili, kukausha, na hapa ndio kwenye kazi. Vitamini C ina maadui wanne, joto, mwanga, hewa na muda mrefu. Kwa hivo wazo la kuanika juani kwenye bati siku tano, hapana, hapo umewaita maadui wote. Anika kivulini penye upepo, kwenye wavu ama chekeche iliyoinuliwa upepo upite juu na chini, funika na kanga nyepesi nzi wasitue. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, vipande vyembamba vinakauka kwa siku mbili tatu. Jua likizama ingiza ndani ufunike, manake umande wa pwani usiku unarudisha maji yote uliyoyatoa mchana. Wakati wa kusi, na hasa masika, usijaribu kabisa kukausha kwa upepo. Mimi nilipoteza trei mbili hivo, juu yalikua makavu, ndani yakashika ukungu wa kijivu na harufu ya unyevu, nikatupa yote. Ukungu haukwanguliwi, unatupa. Miezi hio ukiwa na mashine ya kukaushia iweke kwenye nyuzi 50 hadi 55, masaa manane mpaka kumi. Kama huna, bora ugandishe kwenye friza, nitaeleza.

Utajuaje yamekauka? Kunja kipande, kikikatika kwa mlio kimekauka, kikipinda kama ngozi bado. Rangi ya kawaida ni kijani iliyofifia ama rangi ya mchanga. Ikiwa kahawia iliyokolea ujue imekaa sana kwenye joto ama hewa. Rangi haipimi vitamini, lakini inakuambia safari ilikuaje.

Hatua ya tatu, kusaga na kuweka. Yakipoa kabisa saga kwa blenda kwa vipindi, sekunde kumi unaacha, sekunde kumi unaacha, usiache izunguke mpaka jagi lipate moto. Chekecha. Weka kwenye vichupa vidogo vidogo vilivyojaa mpaka juu, ndani ya friji ama kabatini gizani, uwe unafungua kimoja kimoja. Kichupa kikitoka kwenye friji usikifungue papo hapo, kiache kwanza kifikie joto la chumba, la sivyo hewa yetu hii ya bahari itaacha maji ndani na unga utagandamana. Kijiko kiwe kikavu. Mimi sitaki unga wangu upite miezi mitatu.

Zile gramu 840 zilitoa unga gramu 145.

Sasa tupige hesabu, na hii ndio sababu ya mimi kuandika yote haya. Vitabu vya zamani vinasema amla mbichi ina miligramu 600 za vitamini C kwa kila gramu 100, lakini vipimo vya karibuni vya India viko kama 250, na inabadilika kwa aina ya mti na kuiva. Mimi nahesabu na 250 nisimdanganye mtu. Tunda moja la nyama gramu 31 lina kama miligramu 77. Mtu mzima Shirika la Afya Duniani linampa 45 kwa siku, Wamarekani wanasema 75 kwa mwanamke na 90 kwa mwanaume. Kwa hivo tunda moja bichi limekutosha, ama karibu.

Kwenye unga, nyama yote ilikuwa na miligramu 2100. Tuseme hakuna hata moja iliyopotea, jambo ambalo haliwezekani, kila gramu ya unga ingekua na 14 na nusu, na kijiko cha chai cha gramu 3 kina 43. Tukisema nusu imepotea njiani, ambayo ni kawaida kwa kukausha nyumbani, kijiko kimebaki na 21 ama 22. Ili ulifikie tunda moja bichi unahitaji vijiko vitatu na nusu.

Lakini angalia ni nini hakikupotea. Asidi haikuenda na upepo, tanini nyingi ziko palepale, kilichotoka ni maji. Ndani ya vile vijiko vitatu na nusu kuna asidi na ukakasi wa karibu matunda mawili, ili upate vitamini ya tunda moja. Kwa tumbo zima sio neno. Kwa mwenye asidi hio biashara haimfai.

Hatua ya nne, kama una asidi. Mama mkubwa wangu wa Lamu, Langoni, alikuja kukaa nasi Ramadhani. Ana kiungulia cha miaka. Alisikia amla inapoza tumbo, akawa akifungua kwa tende tatu na glasi ya maji yenye vijiko viwili vya unga, alafu anangoja kusali magharibi ndio ale. Siku ya tatu kwenye tarawehe kifua kikamwaka moto mpaka koo, akarudi nyumbani katikati. Nikamuuliza, "Mama, unakunywa kabla ya kula?" Akanambia, "Si dawa mwanangu? Dawa hunywewa tumbo tupu." Wengi wanaamini hivo. Tumbo lililofunga siku nzima halina chakula cha kuizuia asidi, na tanini kwenye tumbo tupu zinaleta kichefuchefu.

Tulichofanya: siku nne hakugusa amla. Alafu nikamuanzisha na robo kijiko, katikati ya chakula cha usiku na sio kabla, kwenye maji glasi kubwa yasiyo moto. Hakuna ndimu wala pilipili ndani. Na asilale mpaka masaa mawili matatu yapite. Siku tatu kimya, tukapanda nusu kijiko, na nusu ndio ukawa mwisho wake, tulipojaribu kimoja kizima kiungulia kikarudi usiku uleule. Hio nusu haimpi hata miligramu 11, kwa hivo vitamini C yake haitoki kwa amla, inatoka kwa pera lililoiva, ambalo lina zaidi ya 200 kwa gramu 100 na haliumi tumbo lake. Nilimwambia wazi, anapenda amla basi ale kidogo kwa kupenda, vitamini iko kwenye pera.

Sasa kuna wanaosema weka magadi kidogo ama soda ya kuokea ukali upungue. Ukali utapungua kweli, lakini vitamini C haivumilii magadi, inaharibika haraka, utakua unakunywa maji ya ukakasi tu.

Na ile habari ya amla kupoza tumbo sio uongo mtupu. Kuna utafiti mdogo wa Iran wa 2018 ambapo wenye asidi ya kupanda kooni bila vidonda walipewa vidonge vya amla baada ya chakula kwa wiki nne na kiungulia kikapungua. Angalia maneno hayo, bila vidonda, na baada ya chakula. Haukusema juisi kali wakati wa kufungua, wala haukusema uache dawa za daktari.

Ukiwa na vidonda vya tumbo vilivyothibitishwa, mimi sikuuzii, kamalize matibabu kwanza, manake vingi vinaletwa na bakteria na vinatibiwa kwa antibayotiki. Ukitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami, maumivu yakikuamsha usiku, chakula kikikwama kooni ama ukikonda bila sababu, hospitali siku hiohio. Wanaokunywa dawa za kisukari waongee na daktari kabla, amla inaweza kushusha sukari juu ya dawa, vilevile wenye dawa za kuzuia damu kuganda na waliowahi kuwa na mawe kwenye figo.

Kugandisha, kwa miezi ya kusi. Kuna amla mbichi sasa na upepo ni wa unyevu? Ikune kwa kikuneo cha stenlesi, jaza kwenye trei ya barafu bila maji wala sukari, gandisha, alafu hamishia kwenye mfuko ukiutoa hewa. Trei yangu inachukua gramu 15 kila tundu, yani nusu tunda. Kipande kimoja kinawekwa kwenye kachumbari ama dengu zikishatoka motoni na kupoa kidogo, sio zikichemka. Mwenye asidi aanze na robo ya kipande ndani ya chakula. Baada ya kula sukutua mdomo kwa maji, na usipige mswaki mpaka nusu saa ipite, asidi inalainisha meno na mswaki unayakwangua.