Somo: Kwa nini mabango ya akili mnemba huvuruga maneno ya Kiswahili, na namna ya kuweka maandishi sahihi kwa GIMP

Ukiagiza bango lenye maneno TUNAWAKARIBISHA WAZAZI WOTE, unaweza kuletewa mchoro mzuri ajabu, halafu juu yake pameandikwa TUNAWKARBISSHA WAZAZZI VOTE. Wengi huagiza upya mara kadhaa wakitumaini mara hii itakubali. Ukijua kosa linatoka wapi, utaona kwamba njia fupi ni kuiachia mashine mchoro tu, na maandishi ukayaweka mwenyewe kwa GIMP, programu ya kuhariri picha.

Kosa linatoka wapi

Mashine haisomi agizo lako herufi kwa herufi. Kabla ya kuchora chochote, maneno yako hukatwa vipande vinavyoitwa tokeni, na kila kipande hugeuzwa namba. Neno la Kiingereza linaloonekana kila mahali, kama OPEN au SALE, huwa kipande kimoja kizima, na mashine imeshaliona kwenye picha nyingi mno wakati wa kufunzwa. Inalichora kwa mazoea, kama inavyochora sikio la paka. TUNAWAKARIBISHA halikupata bahati hiyo. Linakatwa vipande kadhaa, tena bila kujali silabi, na ndani ya namba za vipande hivyo hakuna mahali palipoandikwa wazi kwamba neno lina A nne na I mbili. Kwa hiyo mashine inabahatisha: inajua hapa panahitajika neno refu lenye sura fulani, lakini hesabu ya herufi inaipotea katikati. Ndiyo sababu maneno yetu yenye viambishi vingi na irabu zinazojirudia huumia kuliko mengine. Na pale inapokosa uhakika, huvutwa na maneno iliyoyazoea. WOTE kugeuka VOTE hutokea kwa njia hiyo.

Sababu ya pili iko kwenye uchoraji wenyewe. Modeli za kuchora za jamii ya Stable Diffusion hazishughuliki na pikseli mojamoja. Zinachora kwanza kwenye picha iliyobanwa, ambamo mraba wa pikseli 8 kwa 8 huwa chumba kimoja. Herufi yenye kimo cha pikseli 24 inapata vyumba vitatu tu kwenda juu, na humo ndimo itofautishwe E na F, au I na L. Tazama bango lolote la namna hiyo: kichwa cha habari kinakaribia kuwa sahihi, lakini mstari wa tarehe chini yake ni vijiti na vikunjo visivyo herufi ya lugha yoyote.

Modeli mpya zimeboreka, na maneno mafupi mengi huzitoka vizuri. Binafsi naziogopa zaidi hizo, kwa sababu kosa lake ni herufi moja iliyodondoka kwenye neno la herufi kumi na tano, na jicho linalisoma bila kushtuka.

Hatua ya 1: Andika maneno kwanza, mbali na picha

Fungua LibreOffice Writer au programu yoyote ya maandishi, uandike kila kitu kitakachokuwa kwenye bango. Tutumie mfano huu hadi mwisho:

```
TUNAWAKARIBISHA
WAZAZI WOTE
Maonyesho ya Vitabu vya Watoto
Jumamosi, saa 3:00 asubuhi
```

Zima usahihishaji wa Kiingereza, maana hubadilisha maneno kimyakimya. Mpe mtu mwingine asome. Kuanzia hapa hutachapa tena hata herufi moja; utanakili na kubandika tu.

Hatua ya 2: Agiza mchoro usio na maandishi

Hapa pana mtego. Ukiandika "bango bila maandishi", umetaja bango na maandishi, na mashine huvutwa na vitu ilivyotajiwa kuliko neno "bila". Usitaje bango kabisa, kwa sababu karibu mabango yote iliyofunzwa nayo yana herufi. Omba mchoro, kisha ueleze nafasi unayotaka iwe wazi kwa kusema kuna nini pale: "watoto wamekaa wakisoma vitabu, sehemu yote ya juu ni anga tupu ya buluu nyepesi". Kama programu yako ina kisanduku cha `Negative prompt`, humo ndimo pa kuandika `text, letters, watermark`.

Acha theluthi moja ya picha iwe tupu. Kwa maneno ya Kiswahili nafasi ndogo haitoshi, na utakuja kuminya herufi bure.

Hatua ya 3: Kuza picha kabla ya kuandika

Tuseme picha imetoka pikseli 1024 kwa 1536, na unataka kuichapisha kwenye A4. Kwa nukta 300 kwa inchi, A4 ni pikseli 2480 kwa 3508. Fungua picha kwenye GIMP, nenda `Image > Scale Image`, weka upana 2480 na `X resolution` 300. Kimo kitajiweka 3720. Kisha nenda `Image > Canvas Size`, fungua mnyororo ulio kati ya upana na kimo, andika kimo 3508, na usogeze picha uone pikseli 212 zinazozidi zikatwe juu au chini.

Mpangilio huu una maana. Mchoro uliokuzwa mara mbili na ushee hulainika kidogo, na watu hawatambui. Herufi zilizokuzwa hivyo huonekana zina ukungu kingoni. Ukikuza kwanza ndipo ukaandika, herufi zinazaliwa zikiwa kali.

Hatua ya 4: Futa maandishi yaliyojipenyeza

Kama picha yako ni safi, ruka hatua hii. Kama tayari una bango lenye maneno mabovu na mchoro wake hutaki kuupoteza, anza kwa `Layer > Duplicate Layer` ili ile ya asili ibaki salama chini.

Shika `Clone`, kwa kibodi ni herufi C. Bonyeza `Ctrl` na kubofya kwenye anga safi iliyo jirani, kisha paka juu ya herufi mbovu. Badilisha chanzo mara kwa mara, la sivyo kipande kilekile cha wingu kitajirudia kama muhuri. Baada ya hapo shika `Heal`, herufi H, upitishe kwenye mipaka ya pale ulipopaka. Usianze na `Heal` moja kwa moja juu ya herufi nyeusi: kifaa hicho huchanganya rangi na kilicho kando yake, na herufi ya jirani ikiwa bado ipo utapata doa la kijivu lililosambaa. Ukiona madoa ya namna hiyo, rudi nyuma kwa `Ctrl+Z` uanze na `Clone`.

Hatua ya 5: Bandika maneno

Shika kifaa cha maandishi, herufi T, bofya mahali patupu na ubandike TUNAWAKARIBISHA. Kila mstari upe leya yake, ili uweze kuuhamisha na kuukuza peke yake.

Sasa fonti. Neno la herufi 15 kwenye fonti pana litatoka nje ya karatasi au litakuwa dogo kuliko mistari iliyo chini yake. Chagua fonti nyembamba, kama Oswald au Roboto Condensed. Piga hesabu hivi: ukiacha pambizo ya pikseli 180 kila upande, unabaki na 2120. Herufi kubwa ya fonti nyembamba huchukua karibu nusu ya ukubwa wake kwa upana, kwa hiyo herufi 15 ni kama mara saba na nusu. Gawanya, unapata karibu 280. Anza na ukubwa huo, upunguze au uongeze kwa jicho. Usiliminye neno kwa kifaa cha `Scale` ili litoshe. Mistari ya wima itakonda na ya mlalo itabaki minene, na kila mtu ataona kuna kitu hakiko sawa hata asipojua ni nini.

Usomekaji unategemea kilicho nyuma ya herufi. Ongeza leya mpya chini ya maneno, chora mstatili, ujaze rangi nyeusi au buluu iliyokolea, kisha shusha `Opacity` hadi karibu 50. Mimi napendelea hilo kuliko vivuli na mng'ao.

Hatua ya 6: Hifadhi mara mbili

`File > Save` inakupa faili la `.xcf`, ambalo leya zake zote bado zinaharirika. `File > Export As` inakupa PNG ya kutuma au PDF ya mchapishaji. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati. Ikienda kama picha hubanwa na herufi ndogo huharibika.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kwa nini nisichague lile neno bovu tu nikaiambia mashine ilichore upya palepale?*

Marahaba. Unaweza kujaribu kwa neno fupi kama KARIBU, na likitoka sawa, limetoka. Kwa neno refu unarudi kwenye bahati nasibu ileile, kwa sababu njia ya kusoma agizo haijabadilika. Zaidi ya hapo, umbo la herufi mpya mara nyingi halifanani na la maneno ya jirani, kwa hiyo hata likiwa sahihi utaonekana umeweka kiraka.

*Mkuu, mimi sina kompyuta. Simu itafaa?*

Itafaa, mradi programu ina leya na inakubali kubandika maandishi. Mpangilio ni uleule: kuza, futa, ndipo uandike. Angalia tu kama inahifadhi mradi wenyewe na siyo picha peke yake, na ukubwa wa picha inayotoa kabla hujapeleka kuchapisha.

*Neno lenye ng' linanisumbua. Alama inatokea imegeukia upande usio wake, au panakuwa na kisanduku kitupu.*

Kisanduku maana yake fonti hiyo haina alama uliyobandika. Badilisha fonti, au tumia alama iliyonyooka ya kwenye kibodi. Kama imegeuka, huenda Writer ndiyo iliyoibadilisha. Nakili ’ hii ninayoiandika hapa, ubandike mahali pake, na uhakikishe ni ileile kwenye bango zima.

*Nimefuata yote, lakini maneno yanaonekana yanaelea juu ya picha.*

Mara nyingi ni rangi. Nyeupe kabisa au nyeusi kabisa haimo kwenye mchoro wako, ndiyo maana inajitenga. Shika `Color Picker`, herufi O, chukua rangi angavu kuliko zote iliyomo kwenye picha yenyewe, labda ukurasa wa kitabu ulioangaziwa na jua, uitumie kwenye herufi.

*Vipi migongo ya vitabu walivyoshika watoto? Nayo ina maandishi ya ajabu.*

Hayo usiyaandike upya. Yazungushie kwa `Free Select`, kisha `Filters > Blur > Gaussian Blur` yenye kiasi cha 8 hadi 12. Kama ni kitabu kikubwa kilicho mbele kabisa, ukungu utaonekana. Hicho kipake kwa `Clone` kibaki na jalada tupu.

*Nimefungua bango langu jana nibadilishe saa, kifaa cha T hakinikubalii kuhariri.*

Umefungua PNG. Humo maneno yameshakuwa pikseli. Tafuta lile la `.xcf`. Na kama ulilipindisha neno kwa `Perspective` ili likae kwenye kitambaa au ukuta, leya hiyo nayo imegeuka pikseli hata ndani ya `.xcf`, na ukiihariri kwa T, kule kupindishwa kunapotea. Kabla ya kupindisha, irudufu kwanza na uifiche nakala moja.