Kabla Hujalipia Gemu: Soma Jina la Kadi ya Grafiki, Usisome GB Peke Yake

Ukifungua ukurasa wa gemu kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, shuka moja kwa moja mpaka sehemu ya `System Requirements`. Picha na video utaziona baadaye. Huko chini kuna safu mbili, `MINIMUM` na `RECOMMENDED`, yaani kiwango cha chini kabisa na kile wanachopendekeza watengenezaji. Wengi hufika hapo wakiwa wameshalipa na gemu imeshagoma. Wewe anzia hapo, na usifungue pochi kabla hujamaliza.

Yaliyo wazi tuyapite haraka. Windows yako iwe ya biti 64, na iwe 10 au 11. Steam yenyewe iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tangu tarehe 1 Januari 2024. Nafasi kwenye diski ipime kwa ile iliyobaki wazi na usihesabu ukubwa wa diski nzima, kisha uache ziada, kwa sababu masasisho nayo yanakula. Gemu ya GB 60 inataka pia bando la kuipakua, basi hilo nalo liingize kwenye bei. Ukikuta wameandika SSD, wanamaanisha SSD. Ukiwa na diski ya zamani ya kuzunguka utangoja muda mrefu kila eneo jipya linapofunguka, na picha zitakuwa zinakwama katikati ya mchezo.

Sasa ujue mashine yako ina nini. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `dxdiag`, kisha Enter. Ukurasa wa kwanza unaonyesha prosesa na RAM. Ukurasa wa `Display` unaonyesha kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu. Huo wa pili ndio ulioniponza.

Mwaka 2022 nilinunua kompyuta mpakato iliyotumika pale Kariakoo. Muuzaji aliniambia, "Hii ni i7, kaka, RAM 16, inacheza gemu zote." Nikaamini. Elden Ring ilikuwa imetoka Februari ya mwaka huo na kila mtu alikuwa anaizungumzia. Nikaenda kusoma mahitaji yake ya chini: prosesa Intel Core i5-8400, RAM GB 12, kadi ya GTX 1060 yenye GB 3. Nikalinganisha na yangu. Wao wanataka i5, mimi nina i7. Wanataka RAM 12, mimi nina 16. Kwenye kadi, `dxdiag` ilisema `Approx. Total Memory` ni MB elfu 8 na kitu. Wao wanataka GB 3, mimi nina 8! Nikalipa usiku uleule. Nikaipakua kwa bando za usiku, usiku baada ya usiku, mpaka ikaisha.

Gemu ikafunguka. Menyu ikaja vizuri, muziki ukalia. Nilipoingia ndani, ikawa ni fremu, yaani picha, 7 au 8 kwa sekunde. Ukigeuza kichwa cha mhusika, picha inakufuata baadaye. Nikashusha mipangilio yote hadi `Low`, nikapunguza picha hadi 720p, nikasasisha draiva, nikazima kila kitu kingine. Hakuna kilichobadilika cha maana. Nikahangaika hivyo siku mbili, na huko nikapoteza na haki ya kurudishiwa pesa, kwa maana Steam hupokea maombi ndani ya siku 14 tangu kununua, mradi gemu haijachezwa saa 2. Saa hizo hazijui kama unacheza au unahangaika na menyu. Gemu ikiwa wazi, zinahesabu. Zangu zilishapita 3.

Niligundua kosa baadaye, nilipotulia na kusoma mistari miwili iliyo chini ya ule niliousoma. `Display Memory (VRAM)` ilikuwa MB 128. `Shared Memory` ilikuwa ndiyo hiyo MB elfu 8. Maana yake, kadi yangu, Intel HD Graphics 620, imo ndani ya prosesa na haina kumbukumbu yake ya maana. Inaazima RAM ya mashine, na Windows huiruhusu kuazima hadi karibu nusu. Ukiwa na RAM 16, utaona kama una kadi ya GB 8. Ukiongeza RAM iwe 32, itaonekana ya GB 16, na kadi itabaki dhaifu vilevile.

Tena kumbukumbu ya kuazima haiendi kasi sawa na ya kadi yenyewe. GTX 1060 husoma kumbukumbu yake kwa GB 192 kwa sekunde. RAM ya mpakato kama wangu, ikiwa na vipande viwili, hufika kama GB 34, na hizo inagawana na prosesa. Ikiwa na kipande kimoja tu, gawa kwa mbili. Hapo hata hatujauliza kadi ina nguvu gani ya kuchora.

Kwa hiyo ukifungua `Display`, soma kwanza mstari wa `Name`, kisha `Display Memory (VRAM)`. Ule wa `Approx. Total Memory` uache kabisa. Au fungua `Task Manager`, nenda `Performance`, bonyeza `GPU`, uangalie `Dedicated GPU memory`. Ile ya `Shared` siyo mali ya kadi. Na mashine ikiwa na kadi mbili, utakuta `GPU 0` na `GPU 1`, zifungue zote.

Kwenye prosesa nako nilidanganyika. Yangu ilikuwa i7-7500U. Katika namba hizi mbili, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi: 7 kwangu, 8 kwao. Herufi U mwishoni inasema prosesa imetengenezwa kula umeme kidogo, wati 15 tu, ili betri idumu. Ina viini 2. Ile i5-8400 ni ya kompyuta ya mezani, inakula wati 65 na ina viini 6. Mtu wa i7 yenye viini 2 anajilinganishaje na i5 yenye 6? Neno i7 peke yake halikuambii kitu. Andika namba nzima pamoja na herufi yake, ndipo ulinganishe.

Majina ya kadi yanasomwa kwa namna hiyohiyo. Katika GTX 1060, 10 ni kizazi na 60 ni cheo ndani ya kizazi hicho. GT 1030 ni ya kizazi hichohicho lakini iko mbali sana chini, kwa hiyo kizazi kipya bila cheo hakikufikishi popote. Na kwenye mpakato jina linaweza kufanana huku kitu si kimoja: RTX 3060 ya mezani ilitoka na GB 12, ya mpakato ina GB 6 na inapewa umeme mdogo zaidi. Mahitaji ya dukani kwa kawaida yanazungumzia kadi za mezani, basi wa mpakato ajipunguzie kidogo katika hesabu.

Mwaka jana mdogo wangu aliitaka Elden Ring hiyohiyo. Safari hii tulikaa na karatasi kabla ya kulipa. Mpakato wake una i5-9300H, RAM GB 8 na GTX 1650 ya GB 4. Prosesa yake ina viini 4 vinavyobeba kazi 8 kwa pamoja, na herufi H ni ya mashine zenye nguvu. Tukaona haitofautiani sana na ile ya viini 6, tukaipitisha. Kadi: GTX 1650 ni ya baadaye kuliko 1060, ila cheo ni 50, na kwa nguvu iko jirani na ile 1060 ya GB 3. Tukaipitisha kwa masharti, atacheza kwenye `Low` na asitarajie zaidi. RAM: anayo 8, wanataka 12. Hapo tukasimama. Hili la RAM usilipuuze. Ikijaa, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski na gemu inakwamakwama hata kadi ikiwa nzuri. Bahati nzuri mpakato wake ulikuwa na nafasi ya pili iliyo tupu, akanunua kipande kingine cha GB 8 ndipo akanunua gemu. Anapata fremu kati ya 35 na 45 kwa sekunde, na ameridhika.

Kabla ya kulipa tulithibitisha pia kwa macho. Tuliandika YouTube `GTX 1650 i5-9300H Elden Ring`, tukatafuta video yenye namba za fremu kwenye kona. Ukifanya hivyo, hakikisha ni 1080p kama wewe utakavyocheza, mipangilio imeonyeshwa, RAM imetajwa, na inayoonyeshwa ni sehemu yenye mapigano. Kuna video nyingi za mtu anayetembea tu uwanjani.

Usidhani pia kwamba "kiwango cha chini" ni kimoja kwa gemu zote. Watengenezaji wa Cyberpunk 2077 wanasema wazi: cha chini ni 1080p kwenye `Low` kwa fremu 30, kinachopendekezwa ni 1080p kwenye `High` kwa fremu 60. Elden Ring haisemi lolote, na asiyesema mchukulie kuwa cha chini kinamaanisha itafunguka na utavumilia. Tena mahitaji hubadilika. Cyberpunk ilipotoka 2020 ilitaka RAM GB 8 na ilikubali diski ya kuzunguka. Mwaka 2023 ikapanda hadi GB 12 na SSD. Picha ya skrini uliyotumiwa na rafiki miaka mitatu iliyopita haikusaidii, fungua ukurasa leo.

Gemu ndogo na za zamani zina unafuu. Stardew Valley inataka MB 256 za grafiki, na mpakato wangu wa Kariakoo unaicheza bila shida hadi leo. Maumivu yapo kwenye gemu kubwa.

Soma pia mstari wa mwisho wa kila safu, ule wa `Additional Notes`, maana humo hufichwa masharti magumu. Indiana Jones and the Great Circle inadai kadi yenye vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, yaani `ray tracing`. GTX 1080 Ti, kadi yenye nguvu nyingi, haivuki hapo kwa sababu haina vifaa hivyo. Battlefield 6 inadai `Secure Boot`, ulinzi wa kompyuta inapowaka, iwe imewashwa, na kwenye mashine za zamani jambo hilo linaweza kukupeleka hadi kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine iliyo nje ya Windows. Mwenye mpakato achomeke chaja, kwani kwenye betri kadi hupunguziwa nguvu. Mwenye kadi mbili aende `Settings`, kisha `System`, `Display`, `Graphics`, aichague gemu na aiwekee `High performance`, la sivyo inaweza kuendeshwa na ile dhaifu. Na ukishainunua, dakika 20 za mwanzo zitumie kuingia ndani ya mchezo wenyewe na kutazama fremu, usizimalizie kwenye menyu. Ikigoma, funga gemu, omba pesa yako siku hiyohiyo, kisha utafute tatizo gemu ikiwa imefungwa.