Mambo ya kuandaa mapema ili kuitambua dhoruba ya marudio katika logi za maombi

Huduma inapozidiwa, programu zinazoitegemea huwa hazitulii: ombi lisilojibiwa hutumwa tena, na lile la pili likikwama hufuata la tatu. Katika logi marudio hayo yanafanana kabisa na maombi mapya, na ndiyo maana wasimamizi wengi huona grafu ikipanda wakadhani wamepata watumiaji wengi kwa ghafla. Wakiongeza seva kwa dhana hiyo, huenda wakaiacha hitilafu iendelee ilhali chanzo chake cha awali kimekwisha kuondolewa.

Jambo la kwanza kuhakikisha, basi, ni kwamba kila mstari wa logi una kitambulisho cha ombi pamoja na namba ya jaribio. Kitambulisho kiundwe na programu iliyoanzisha ombi, kisibadilike linaporudiwa, na kipitishwe bila kuguswa katika kila tabaka. Hapa ndipo penye mtego, kwa kuwa baadhi ya mifumo ya kati hubandika kitambulisho kipya kwa kila jaribio, na hapo marudio yote huonekana kuwa maombi tofauti. Kagua hilo kwa kulikwamisha ombi moja makusudi katika mazingira ya majaribio, kisha ulitafute katika logi za kila tabaka. Zoezi hilo hilo litakuonyesha marudio yanavyozidishana, kwani tabaka tatu zinazojaribu mara 3 kila moja zinaweza kuligeuza ombi moja kuwa maombi 27 huko chini kabisa.

Pili, andaa mapema amri ya kulinganisha jumla ya maombi na idadi ya vitambulisho vya pekee kwa kila dakika. Ikiwa safu ya kwanza ya logi ni muda, kwa mfano `2025-03-04T10:15:30`, na ya pili ni kitambulisho, amri hii yatosha:

```
awk '{t=substr($1,1,16); n[t]++; if(!s[t,$2]++) u[t]++}
END{for(t in n) print t, n[t], u[t], n[t]/u[t]}' maombi.log | sort
```

Safu ya mwisho ya matokeo, yaani uwiano wa jumla ya maombi kwa vitambulisho vya pekee, ndiyo ya kutazamwa. Siku za kawaida hukaa karibu na 1, na hata watumiaji wakiongezeka kwa kweli haisogei sana, kwa sababu jumla na vitambulisho hupanda pamoja.

Tuchukue huduma inayopokea maombi 200 kwa sekunde na yenye uwezo wa kuhudumia 300. Programu zinazoiita husubiri jibu kwa sekunde 2, kisha hurudia papo hapo, hadi majaribio 4 kwa jumla. Hifadhidata ikizorota kwa dakika chache, karibu kila ombi litatumwa mara 4, na huduma itajikuta ikipokea maombi 800 kwa sekunde. Uwiano utapanda kutoka 1 hadi karibu 4 ilhali vitambulisho vya pekee ni vilevile. Hifadhidata ikipona, foleni haipungui, maana 800 bado yanaizidi 300. Kila jibu linachelewa kupita sekunde 2, linamkosa aliyeliomba, na kuchelewa huko huko ndiko kunakozaa marudio mengine. Seva inafanya kazi kwa nguvu zake zote, lakini karibu kazi yote ni ya bure.

Hali hiyo ina alama yake. Ukitumia nginx mbele ya huduma, mteja anayekata mawasiliano kabla ya kujibiwa huandikwa kwa msimbo `499`. Misimbo hiyo ikirundikana kwenye muda wa sekunde 2 kamili, ni dhahiri kwamba waliokata tamaa ni wateja. Kwa hiyo andika pia `$request_time` katika logi. Usiitegemee logi ya huduma yenyewe peke yake, kwa kuwa yenyewe inaweza kuandika `200` kwa jibu ambalo halikuwa na wa kulipokea.

Grafu ya dakika nayo huficha mengi. Programu zilizokwama kwa wakati mmoja na kungoja sekunde 10 zilezile hurudi kwa pamoja, na vilele vinavyopishana kwa sekunde 10 huonekana tu unapohesabu kwa sekunde. Kungoja kunakoongezeka kwa kila jaribio, pamoja na kiasi cha nasibu, hutawanya vilele hivyo. Kuongeza muda pekee hakutoshi.

Mwisho, amueni mapema ni maombi gani yatakataliwa. Katika mfano wetu, kuimwaga foleni na kupokea jaribio la kwanza pekee kunarudisha mzigo wa maombi 200, ambao huduma inaumudu, mradi kukataa kufanyike mlangoni kabla hifadhidata haijaguswa, na mradi programu zinazoita ziwe zimeandikwa kukoma zinapopewa `429`, au kungoja muda uliotajwa katika `Retry-After`.